Chemsha bongo: swali likiwa la wingi, jibu lazima lianze na herufi za wingi? Na vifupisho je?

Binti wa Sakina (Arusha)
Wadau habari za jioni. Mimi na mdogo wangu tunajaza chemsha bongo ya gazeti moja kila wikiendi na leo tumegombana vibaya. Kulia namba 1 swali lilikuwa "Wadudu waharibifu wa mahindi", maboksi 6. Dogo akasema swali liko kwenye wingi kwa hiyo jibu nalo ni wingi, akaandika WA kwenye maboksi mawili ya mwanzo kwa kalamu ya wino kabla hata hajafikiria ni mdudu gani. Majibu yametoka leo, jibu ni VIWAVI. Sasa yeye anadai mtunzi kakosea, swali limesema wadudu WA-haribifu halafu jibu linakuja na VI. Mimi nasema mtunzi yuko sawa ila kusema kweli siwezi kueleza kwa nini. Kuna sheria yoyote ya haya mambo au kila mtunzi anajiamulia? Na kuna hili la vifupisho pia, humo humo kulikuwa na "Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro" maboksi 3, jibu KIA, hakuna sehemu waliyosema ni kifupi. Naombeni msaada.

Chalii wa Ungalimited
Dogo yuko sahihi aisee. Wingi kwa wingi. Swali la wadudu, jibu lianze na wa. Mtunzi kazingua.

Mwl Marangu (Moshi)
Chalii hapo #2, uko sahihi nusu. Ni kweli swali la wingi linadai jibu la wingi, hiyo ndiyo desturi ya kwanza kabisa. Kipimo chake ni kwamba ukitoa swali ukaweka jibu mahali pake sentensi isimame. "Wadudu waharibifu wa mahindi wamevamia shamba", "Viwavi wamevamia shamba". Imesimama, tena angalia kitenzi hakikubadilika, wote ni "wamevamia" kwa sababu kiwavi ni kiumbe hai anachukua a- na wa- kama mdudu mwingine yeyote. Upatanisho ni wa WA lakini umbo la jina lenyewe ni ki/vi. Dogo amechukua herufi za upatanisho akazibandika kwenye jina. Swali linakuambia jibu ni wengi, halikuambii wengi hao wanaandikwaje.

Na nimpe kazi ndogo, ataje mdudu hata mmoja ambaye wakiwa wengi jina lake linaanza na WA, ukiacha neno wadudu lenyewe ambalo haliwezi kuwa jibu maana limeshatajwa kwenye swali. Nzige, nyuki, siafu, mende, kunguni, mbu, panzi, nyigu, wote hawabadiliki. Kipepeo vipepeo.

Kipusa Njiro
Mchwa wachwa 😂

Binti wa Sakina
@Kipusa 😂😂 dogo kaja mbio anasema ndiyo hiyo hiyo.

Mwl Marangu
Mchwa ni mchwa, mmoja au kundi. Hakuna wachwa. Na hapo ndipo penye mtego, mchwa ana M mbele kama mtu lakini hageuki, ukifuata kanuni ya dogo utaandika WACHWA maboksi 6 na wala halitakataa kwa idadi. Litakataa kwenye herufi zinazokatiza tu.

Babu Kibosho
Watoto wa siku hizi mnajaza kwa wino? Sisi enzi zetu penseli na kifutio, wino unaingia mwishoni kila kitu kikishakatiza.

Dada Tengeru
Shikamoo babu. Mimi nauliza, hizo namba za kwenda chini zilikuwaje? Maana hapo ndipo unapojua kama mtunzi alikuwa mkweli au la. Binti weka hapa tuone.

Binti wa Sakina
Zilizokatiza hilo neno ni tatu. Namba 1 chini: "Tia nguo mwilini", maboksi 3. Namba 2 chini inaanzia boksi la tatu: "Mchele uliopikwa", 4. Namba 3 chini inaanzia boksi la tano: "Huvaliwa miguuni", 5.

Dada Tengeru
Asante. Sasa angalieni. Mchele uliopikwa ni WALI, hapo hapana ubishi, kwa hiyo herufi ya tatu ni W. Tia nguo mwilini, swali ni amri kwa hiyo jibu ni amri, VAA. Kama lingekuwa "Kutia nguo mwilini" lingekuwa KUVAA maboksi 5. Kwa hiyo herufi ya kwanza ni V na WA ya dogo imekufa hapo hapo, hakuna amri ya kuvaa inayoanza na W. Tuna V, wazi, W. Lakini namba 3 mimi naiona ina walakini. "Huvaliwa miguuni" inaweza kuwa KIATU au VIATU, yote maboksi 5, tofauti ni herufi ya kwanza tu, na herufi hiyo hiyo ndiyo inayokatiza boksi la tano la VIWAVI. Mtu asiyejua viwavi anabaki anabahatisha K au V.

Mtunzi Shanty Town
Habari wakuu, mimi natunga chemsha bongo za kijarida cha ushirika wetu wa akiba hapa Moshi, sio hiyo ya Binti lakini hili nalijua kwa mikono yangu. HU ni rafiki mkubwa wa mtunzi. Ukisema "kinavaliwa" umeshampa mjazaji ngeli na umoja, ukisema "vinavaliwa" umempa wingi. "Huvaliwa" haina kiambishi cha mtenda kabisa, inaficha ngeli, inaficha idadi, inafaa kiatu, viatu, soksi, ndala. Ndiyo maana nikitaka swali liwe gumu kidogo naandika kwa hu. Sio udanganyifu, sentensi ni sahihi kwa umoja na kwa wingi.

Ila nina masharti yangu. Herufi ambayo hu inaificha lazima ikatizwe na neno lenye jibu moja tu. Hapo kwa Binti V inakatizwa na VIWAVI, na ukishakuwa na V na W hakuna mdudu mwingine wa mahindi mwenye sura hiyo, na ukijaribu K boksi la tano hupati neno. Kwa hiyo mtunzi wa gazeti alitimiza.

Dada Tengeru
@Mtunzi mimi bado sikubali mia kwa mia. Wewe unasema VIWAVI inamsaidia VIATU, lakini VIWAVI nayo inamtegemea VIATU kupata V ya tano. I, A na I za kwenye boksi la pili, la nne na la sita hazikatizwi na chochote. Mtu wa mjini asiyejua viwavi ana V?W tu mkononi.

Kipusa Njiro
Lakini "miguuni" si wingi? Angetaka kiatu angesema mguuni. Mimi ningeandika VIATU bila kupepesa.

Chalii wa Ungalimited
Kipusa hapo umeongea. Mguu mmoja kiatu, miguu viatu.

Mtunzi Shanty Town
Inasaidia, haithibitishi. "Soksi huvaliwa miguuni", hiyo soksi ni moja au ni mbili? Na "kiatu ni vazi la miguuni" mtu anasema bila shida. Kidole kimoja cha kukuonyesha njia hicho.

Arif Kijenge
Mimi mahindi yangu mwaka jana viwavijeshi walimaliza nusu eka huku Kisongo, tulipuliza dawa asubuhi jua likiwa limeshatoka wao wameshajificha ndani ya moyo wa mhindi. Bwana shamba akasema pulizeni jioni wakitoka kula. Nani anajua dawa nzuri ya sasa hivi?

Babu Kibosho
Arif uzi ni wa chemsha bongo mjukuu wangu. Ila jioni ndiyo sahihi, na ulenge kwenye moyo wa mmea, ukipuliza majani ya juu unapoteza hela.

Mwl Marangu
Turudi. Watu wanaozoea chemsha bongo za Kiingereza wanakuja na mazoea ya kule. Kwao wingi uko mwisho wa neno, S, kwa hiyo mjazaji akiona swali la wingi anaweka S kwa penseli kwenye boksi la mwisho na mara nyingi anapata. Sisi mwisho wa neno hautuambii chochote kuhusu wingi, mambo yote yako mbele, na mbele kuna MA, VI, MI, WA, NY, na mengine hayana kitu. Ukuta kuta, hapo wingi umepunguza herufi. Uso nyuso, umeongeza. Nyumba nyumba. Kwa hiyo faida yao ya S sisi hatuna, lakini tuna faida nyingine kubwa zaidi, mtunzi akitumia kiwakilishi amekwisha. "Mlango hufungwa nao" lazima jibu liwe la umoja kwenye ngeli ya u, UFUNGUO maboksi 7. "Mlango hufungwa nazo" ni FUNGUO, 6. Tafuteni kwanza vile vijineno vidogo, nacho, nao, nazo, kwayo, humo ndimo mnapopewa jibu.

Dada Tengeru
Na kuna mtego wake mwalimu, mtunzi akiweka jina la jumla mbele kijineno kinafuata jina hilo. "Chombo ambacho hupikiwa", hicho "ambacho" ni cha chombo, jibu linaweza kuwa CHUNGU au SUFURIA. Akiondoa neno chombo akasema "Mama hupikia nacho" basi sufuria imetoka maana ingekuwa nayo.

Mwl Marangu
Kabisa dada. Hiyo ndiyo shida ile ile ya wadudu na viwavi, jina la jumla limekaa mbele likavuta upatanisho kwake.

Kipusa Njiro
Mimi yangu ni vitenzi. Juzi kuna swali "Yuko usingizini" maboksi 7. Nikaandika ANALALA kwa sababu yuko ni sasa hivi. Jibu likatoka AMELALA. Mnaniambia nyakati lazima zifanane, sasa "yuko" na "ame" zinafananaje? Hapo mtunzi kakosea au hakukosea?

Mtunzi Shanty Town
Hakukosea. Mtu akikupigia simu akauliza baba yuko wapi, na baba yuko kitandani anakoroma, unajibu "amelala". Hujibu "analala". "Analala" ni tabia, analala chumba cha uani, au ndio anapanda kitandani saa hizi. Kipimo kile kile cha mwalimu, weka jibu mahali pa swali. Baba yuko usingizini, baba amelala. Sawa sawa.

Chalii wa Ungalimited
Lakini me ni wakati uliopita hali timilifu, shule tulifundishwa hivyo. Swali likiwa la sasa jibu la sasa. Mkianza kusema maana, kila mtu ataleta maana yake.

Mwl Marangu
Mnafundishwa timilifu, ni kweli, kitendo kimetimia na matokeo yake yapo. Ndiyo maana amesimama, amekaa, amevaa, amelala, amechoka, yote ni hali ya sasa hivi ingawa kiambishi ni me. Mimi ningesahihisha swali hilo kama sahihi. Ila Chalii ana hoja kwa mtunzi anayeandikia watoto wa shule, huko afadhali kiambishi kifanane na kiambishi, "Alipata usingizi" ALILALA, "Atapata usingizi" ATALALA. Hesabuni, ANALALA, AMELALA, ALILALA, ATALALA zote maboksi 7, zote zinaanza A na kuishia LALA. Herufi ya pili na ya tatu tu ndizo zinazobeba wakati. Mtunzi asipokatiza walau moja ya hizo mbili amewaacha watu hewani.

Kipusa Njiro
Kwangu ya pili ilikatizwa ilikuwa M, nikadhani ile ya kwenda chini ndiyo niliyokosa. Ahsante mwalimu.

Babu Kibosho
Mimi siafiki hili la maana. Enzi zile mtunzi akiandika ana, jibu lina ana. Lilikuwa jambo rahisi na watu walifurahi.

Binti wa Sakina
Sasa vifupisho jamani, KIA.

Njia Panda Himo
Kule zilikoanzia chemsha bongo hizi, London, vifupisho haviruhusiwi kabisa.

Mwl Marangu
@Njia Panda hapana, si London. Ya kwanza inayojulikana ilitoka kwenye gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, ilitungwa na Arthur Wynne ambaye alizaliwa Liverpool, labda ndipo Uingereza ilipokuingilia. Na vifupisho vinaruhusiwa kote kuwili ila kwa desturi tofauti. Kwenye magazeti ya Marekani jibu likiwa kifupi swali linakupa ishara, ama wanaandika wazi kwamba ni kifupi ama wanaweka neno lililofupishwa ndani ya swali lenyewe, hiyo inatosha. Kule Uingereza kwenye yale mafumbo mazito ya kuchezea maneno, kifupi kinatumika ndani kama kipande cha kujengea jibu na hakuna anayekuonya, unatakiwa ujue kwamba daktari anaweza kuwa DR. Sisi tumechukua ya maswali ya moja kwa moja, kwa hiyo naona tufuate ya ishara.

Mtunzi Shanty Town
Mimi naandika "kif." mwishoni. Lakini shida ya KIA ni zaidi ya ishara. Mwandishi kaandika jina kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, hebu tafuta K, I, A humo kwa mpangilio huo, hupati. Herufi zinatoka kwenye jina la Kiingereza. Linganisha na "Baraza la Kiswahili la Taifa", hapo BAKITA inachomoza yenyewe BA-KI-TA, sihitaji hata kusema kif., jina kamili ndiyo ishara. TAKUKURU hivyo hivyo. Kwa hiyo sheria yangu: herufi zikitoka kwenye Kiswahili naandika jina kamili, zikitoka kwenye Kiingereza naandika "kif." au nauliza kwa njia nyingine, mfano "Makao yake makuu yako Arusha, kif." maboksi 3, EAC.

Dada Tengeru
Hiyo ya makao makuu Arusha yakiwa 6 ni TANAPA, yakiwa 3 EAC. Nzuri.

Chalii wa Ungalimited
Lakini KIA hakuna asiyeijua, sisi wa huku hakuna anayetaja jina lote, tunasema naenda KIA. Konda wa daladala anasema KIA. Ni neno tu kama Sakina au Kijenge. Kwa nini uweke kif.?

Arif Kijenge
Hapo namuunga mkono Chalii. UKIMWI nani anaandika kif.? Limeshakuwa neno.

Mwl Marangu
Ukimwi sawa, nakubali, tunasema "ukimwi umepungua", lina upatanisho wake kabisa. Hata rada ilianza kama kifupi huko kwa Wamarekani na leo hakuna anayekumbuka. Lakini KIA mjazaji wa Mtwara au Kigoma hajui, na gazeti linauzwa nchi nzima.

Mtunzi Shanty Town
Mimi nagawa hivi: vinavyosomeka kama neno na vinavyotamkwa herufi moja moja. TANAPA, BAKITA, KIA vinasomeka. KCMC, TRA, JWTZ havisomeki, na hivyo vinaua mchoro. Maneno yetu yanaisha na irabu, kwa hiyo boksi la mwisho la neno la kwenda chini linataka irabu. Niliwahi kutaka kuweka KCMC kulia kwa sababu wasomaji wangu wote wanaijua hospitali hiyo, haikukaa mpaka nilipoipandisha mstari wa juu kabisa ili herufi zake ziwe mwanzo wa maneno ya kwenda chini. K ikawa KAMBA. Boksi la tatu, M, ikawa MOTO. Zile C mbili niliziacha bila kukatizwa, maana C kwetu haikai bila H, ningebanwa kila neno lianze na CH. Kwa hiyo mtu asiyejua KCMC alikuwa na K?M? na hakuna njia nyingine ya kufika. Kifupi cha namna hiyo kisipowekewa kif. ni dhuluma.

Babu Kibosho
Wekeni KNCU basi, chama chetu cha kahawa tangu 1925.

Njia Panda Himo
Babu 1925 ni KNPA, ile ya mwanzo. KNCU ni 1933.

Babu Kibosho
Haya mjukuu, umenishika hapo. Lakini kahawa ni ile ile.

Mtunzi Shanty Town
Babu KNCU nimeshaitumia kinyumenyume, "K katika KNCU", maboksi 11, KILIMANJARO. Kifupi kiko kwenye swali na jibu ni neno zima.

Dada Tengeru
Hiyo sasa inavunja ile ya mwalimu ya kwamba kifupi ndani ya swali ni ishara ya kifupi kwenye jibu.

Mwl Marangu
Haivunji dada, ameuliza wazi K inasimama badala ya nini. Ishara ni pale kifupi kinapokaa kama neno la kawaida, mfano "Cheo cha Bw. akiwa hospitalini", hapo Bw. inakudokeza jibu ni DKT.

Dada Tengeru
Mimi ningeandika DAKTARI kama maboksi yangekuwa 7 na nisingeona kosa lolote. Bw. ni kawaida sana kuandikwa hivyo, hakuna anayeiona kama ishara.

Mtunzi Shanty Town
Kwenye hilo nipo na dada. Wasomaji wangu hawasomi Bw. kama dokezo la chochote, wanaisoma bwana.

Binti wa Sakina
Asanteni sana wote. Dogo amekubali viwavi, hajakubali KIA, anasema angeambiwa ni kifupi angeipata kwa sekunde. Swali la mwisho, wiki hii kuna "Mnyama wa porini mwenye pembe", maboksi 4, nina ?YA?. Ni NYATI, haitoshi ni 5. Mnasemaje?

Kipusa Njiro
Hesabu tena maboksi.

Dada Tengeru
Angalia hiyo ya chini iliyokupa Y kabla hujahesabu maboksi. Swala ni 5, pofu 4, palahala mbali huko. POFU inakaa kama Y na A zote mbili ni za kubahatisha. Tuandikie maswali yake ya kwenda chini.

Chalii wa Ungalimited
PAA wa porini ni 3. Leta hayo maswali ya chini tuone.